Mashine Inayokisia Masikio Yako

Wimbo wa taarab asilia hauna haraka. Fidla hutangulia, kanuni ikajibu, udi ukaingia taratibu na kodiani ikaufuata, na mara nyingi dakika nzima au zaidi hupita kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Sasa mfikirie kijana aliyeketi kwenye daladala, simu mkononi, ambaye programu ya muziki imemletea wimbo wa namna hiyo kwa mara ya kwanza. Anasikiliza ala, anasubiri sauti, haiji. Kwenye sekunde ya ishirini kidole kinagusa skrini na wimbo unarukwa.

Kijana huyo amekwisha kusahau. Mashine haisahau. Imeandika kwamba mtu huyu, jioni hii, ameletewa wimbo huu na hakuuvumilia hata nusu dakika.

Nusu dakika hiyo ina uzito kuliko wasikilizaji wengi wanavyodhani. Kwa Spotify, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukipita sekunde 30. Watafiti wa kampuni hiyo walipochapisha mwaka 2018 maelezo ya mfumo wao mmoja wa kupanga mapendekezo, alama waliyoitumia kujua kama pendekezo limefaulu ilikuwa hiyo hiyo: je, mtu amesikiliza zaidi ya sekunde 30? Hakuna aliyeulizwa kama wimbo umemgusa. Kilichopimwa ni kidole. Na muziki unaochelewa kufika kwenye sauti huingia kwenye mtihani huo ukiwa nyuma ya wimbo wa bongo fleva ambao kiitikio chake kimeshalia kabla ya sekunde ya kumi na tano.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 1994, katika chuo cha MIT kule Marekani, wanafunzi na walimu walitengeneza mfumo ulioitwa Ringo. Mtu alituma barua pepe akiwapa wanamuziki alama, kuanzia 1 kwa asiyemtaka kabisa hadi 7 kwa anayempenda mno. Ringo ilitafuta watu wengine waliotoa alama zinazofanana na zake, ikamrudishia majina ya wanamuziki ambao hao wenzake waliwapenda na yeye bado hajawasikia. Waliouunda walisema wazi kwamba wanachofanya ni kuipa kompyuta kazi ya mdomo kwa mdomo, ile ya rafiki kumwambia rafiki. Wazo hilo halijafa. Ndilo lililo chini ya Spotify, YouTube, Apple Music na Boomplay hadi leo. Kilichobadilika ni kwamba Ringo ilikuuliza, na hizi za leo zinakutazama tu. Kuruka wimbo, kurudia wimbo, kuuweka kwenye pleilisti, kumtafuta msanii kwa jina, saa uliyosikiliza, kama uliuchagua mwenyewe au ulijileta: hayo ndiyo maandishi yanayosomwa.

Yanasomwaje? Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu anayeielewa hesabu hii moja anaelewa karibu kila jambo linaloudhi katika mapendekezo ya muziki, na pia namna ya kulikwepa.

Chukulia nyimbo nne na pleilisti ambazo watu wamezitengeneza. Namba hizi ni za mfano, lakini uwiano wake ni wa kawaida. Wimbo wa kwanza ni wimbo mkubwa wa bongo fleva, tuuite Kishindo, uliomo kwenye pleilisti 10,000. Wa pili ni mkubwa mwenzake, tuuite Tamba, uliomo kwenye 9,000. Zile zinazozichukua zote mbili pamoja ni 3,000. Wa tatu ni wimbo wa taarab ya kale ya Tanga, tuuite Asumini, uliomo kwenye pleilisti 40 tu. Wa nne ni taarab ya Mombasa, tuuite Kilua, kwenye pleilisti 50. Asumini na Kilua zimekutana mara 20, na Asumini na Kishindo zimekutana mara 15.

Mashine ikihesabu makutano peke yake, itaona kwamba jirani wa karibu wa Asumini ni Kilua kwa mara 20, na wa pili ni Kishindo kwa mara 15. Yaani mtu anayesikiliza taarab ya Tanga, wimbo wake wa tatu utakuwa bongo fleva inayopigwa kila kona. Sababu si udugu wa nyimbo hizo. Kishindo kiko kila mahali, kwa hiyo kinakutana na kila kitu. Wataalamu huita tatizo hili upendeleo wa umaarufu, na ndilo gonjwa kuu la fani hii tangu zamani.

Dawa ya kawaida ni kupunguza uzito wa ukubwa. Makutano hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha zao la hesabu za nyimbo zote mbili. Kishindo na Tamba: 3,000 gawanya kwa kipeuo cha 10,000 mara 9,000, ambacho ni kama 9,487, jibu ni 0.32. Asumini na Kilua: 20 gawanya kwa kipeuo cha 40 mara 50, yaani karibu 44.7, jibu ni 0.45. Asumini na Kishindo: 15 gawanya kwa kipeuo cha 40 mara 10,000, yaani 632, jibu ni 0.02. Sasa picha imegeuka. Udugu wa nyimbo mbili ndogo za taarab umekuwa mkubwa kuliko wa zile mbili kubwa, na kile kishindo cha mjini kimesogea mbali.

Mifumo ya leo haiishii kwenye mgawanyo huo. Huupa kila wimbo anwani yenye tarakimu nyingi katika kitu kinachoweza kufikiriwa kama ramani kubwa mno, kiasi kwamba nyimbo zinazotembea pamoja kwenye pleilisti za watu hukaa mtaa mmoja, na msikilizaji naye hupewa anwani yake kutokana na mitaa anayoizuru. Hata hivyo msingi haujabadilika. Ukaribu unatokana na watu wengine kuzisikiliza pamoja.

Tazama basi msikilizaji anapoanzia. Aliyesimama kwenye Kishindo, mlango wake wa kwanza ni Tamba kwa 0.32, na nyuma ya Tamba wamepanga foleni mamia ya wakubwa wengine kabla ya kuifikia Asumini yenye 0.02. Hatafika. Aliyesimama kwenye Asumini, mlango wa kwanza ni Kilua. Nyimbo ni zile zile, hesabu ni ile ile, ila mahali pa kuanzia pamebadilisha safari yote. Mtu anayetaka muziki asioujua hana sababu ya kusubiri mashine imtoe kwenye wimbo mkubwa hadi kwenye mdogo. Aanzie kwenye mdogo.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo, nalo ni la kutia moyo. Tuseme kuna wimbo wa twarab ya Ngazija, kule Komoro, uliomo kwenye pleilisti 30, na umekutana na Asumini mara moja tu. Ukaribu wake ni 0.03, karibu na bure. Wasikilizaji watatu wakiamua kuziweka nyimbo hizo mbili kwenye pleilisti zao, makutano yanakuwa 4, na ukaribu unapanda hadi 0.11, karibu mara nne ya ulivyokuwa. Watu watatu hao hao wakiongeza Kishindo na Tamba kwenye pleilisti, 3,000 inakuwa 3,003 na hakuna kinachotikisika. Kwenye muziki mkubwa msikilizaji mmoja ni tone baharini. Kwenye muziki mdogo yeye ni fundi ramani. Mipaka ipo, kwa sababu mifumo mingi huweka kiwango cha chini na kuziacha nje nyimbo ambazo hazijakusanya makutano ya kutosha, ikiogopa kubahatisha. Lakini kiwango hicho nacho huvukwa na watu wachache wanaoweka nyimbo kwenye pleilisti kwa makusudi.

Hesabu hiyo pia inaeleza jambo linalowashangaza wengi wa pwani. Mtu wa Tanga au Unguja anaifungulia redio ya Bi Kidude ndani ya programu, na baada ya nyimbo mbili tatu analetewa Cesária Évora wa Kepuvede au gitaa la Ali Farka Touré wa Mali. Wote ni wanamuziki wakubwa na wanastahili kusikilizwa, ila udugu wao na Bi Kidude uko wapi? Spotify ilianza Uswidi mwaka 2008, na haikufunguliwa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hadi 2021. Kwa zaidi ya miaka kumi, waliomsikiliza Bi Kidude humo walikuwa zaidi watu wa Ulaya na Marekani, pamoja na Waswahili wa ughaibuni. Wengi wa hao wasikilizaji wa Ulaya humweka yeye, Évora na Touré kwenye kapu moja la muziki wa mbali. Ramani inaonyesha nani alikuwa wa kwanza kutembea mahali hapo. Si ajabu kwamba haijafahamu kuwa jirani wa Bi Kidude ni Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, au kwamba Mombasa iko karibu kuliko Bamako.

Je, mashine haiwezi kusikiliza muziki wenyewe? Inaweza, kwa namna yake. Mwaka 2014 Spotify iliinunua Echo Nest, kampuni iliyotokana na MIT na iliyokuwa ikichambua sauti za nyimbo pamoja na yale ambayo watu huandika kuzihusu. Mwaka huo huo mtafiti Sander Dieleman wa Ubelgiji, akiwa kwenye mafunzo ya kazi Spotify, alieleza jinsi alivyoufundisha mtandao wa neva kutazama picha ya masafa ya sauti, vipande vya sekunde tatu tatu, kisha kukisia wimbo ungepewa anwani gani kwenye ramani kama ungekuwa na wasikilizaji. Hii ndiyo tegemeo la wimbo ambao haujasikilizwa na mtu. Mtandao wa namna hiyo unatambua mapigo, ala na ukali wa sauti. Kinachoushinda ni kile ambacho hakimo kwenye sekunde tatu: mashairi yanamjibu nani, ngoma hii ya mji gani, nani alimfundisha nani.

Mwaka 2015, mwezi Julai, Spotify ilizindua Discover Weekly, orodha ya nyimbo 30 inayomfikia kila mtumiaji Jumatatu. Kanuni ya awali ilikuwa nyimbo zote ziwe mpya kwa msikilizaji. Katika majaribio, wahandisi wake wamesimulia, hitilafu kwenye programu iliachia nyimbo chache ambazo mtu alikwisha kuzisikia. Hitilafu ikarekebishwa, orodha ikawa mpya tupu kama ilivyokusudiwa, na watu wakaanza kuisikiliza kidogo kuliko mwanzo. Wakarudisha nyimbo chache za kuzoeleka. Ilionekana kwamba mtu akikuta jina analolijua katikati ya wageni, anawaamini na hao wageni.

Simulizi hiyo inafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka kuielekeza mashine, kwa sababu na yeye anaongoza masikio yake mwenyewe. Pleilisti ya nyimbo thelathini zisizojulikana hata moja huchosha. Tatu au nne za kuzoeleka ndani yake huipa pumzi.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Mwaka 2020, watafiti wakiwemo wa Spotify yenyewe walichapisha uchunguzi juu ya mamilioni ya wasikilizaji, wakipima upana wa kile ambacho kila mtu anasikiliza. Usikilizaji uliotokana na mapendekezo ulikuwa finyu kuliko ule ambao mtu aliuchagua kwa mkono wake. Na wale ambao usikilizaji wao ulipanuka kadiri muda ulivyokwenda walifanya hivyo kwa kupunguza kutegemea mapendekezo na kuongeza kutafuta wenyewe. Kwa hiyo hata anayetaka mashine imsaidie kufika mbali lazima hatua za kwanza azipige mwenyewe.

Hatua hizo zinakuwaje? Tumchukue msikilizaji wa mfano, dada wa Tanga mwenye miaka 27. Simu yake imejaa bongo fleva, amapiano na nyimbo za injili, na mwanawe wa miaka minne huitumia kwa nyimbo za watoto. Anataka kuijua taarab ya wakati wa bibi yake, na aone inamfikisha wapi.

Kwanza anatenganisha. Nyimbo za mtoto anaziweka kwenye pleilisti moja, na kwenye menyu ya pleilisti hiyo anagusa "Exclude from your taste profile", maana yake usikilizaji wa humo usihesabiwe kuwa ladha yake. Siku simu ikikaa sherehekeni mikononi mwa watu, anawasha "Private session". Anayetumia Apple Music kwenye aifoni huzima "Use Listening History" kwenye mipangilio kwa muda huo, na anayesikiliza kwa YouTube husimamisha historia yake ya kutazama. Kazi hii ni ndogo, lakini isipofanyika, kila juhudi ya wiki nzima hufutwa na adhuhuri moja ya katuni.

Kisha anatafuta kwa mkono. Kisanduku cha kutafutia cha Spotify kinapokea maneno ya kuchuja ambayo watu wachache wanayatumia:

```
genre:"taarab"
label:"Buda Musique"
```

La pili linataja lebo ya Ufaransa iliyotoa mfululizo uitwao Zanzibara. Juzuu ya kwanza ni ya Ikhwani Safaa, kikundi cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, na ya pili ni ya taarab ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Lebo ni mlango mzuri kuliko aina ya muziki, kwa sababu nyuma ya lebo kuna binadamu aliyechagua kwa kujua. Tahadhari moja: kuna kichujio cha mwaka pia, `year:1965-1975`, na mtu angedhani ndicho kinachohitajika hapa. Hakifai. Rekodi ya 1968 iliyotolewa upya 2005 mara nyingi huhesabiwa kuwa ya 2005, na anayechuja kwa miaka ya sitini anaikosa taarab yenyewe aliyoifuata.

Anachagua nyimbo 12 na kuzifungulia pleilisti mpya. Anaongeza tatu za bongo fleva ambazo ndani yake anasikia mahadhi ya pwani, ili masikio yasichoke. Anazisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, akiwa anapika au anafua, wakati mikono haiwezi kufikia simu. Hili la mikono si dogo. Wimbo wa dakika kumi uliofika mwisho ni ushahidi mzito kwa mashine, na wimbo ule ule uliorukwa kwenye utangulizi wa ala ni ushahidi wa kinyume. Asiyeupenda autoe kwenye pleilisti baada ya kuumaliza, wala asiuruke njiani kwa kukosa subira tu.

Siku ya tatu au ya nne anatazama chini ya pleilisti yake, ambako programu hupendekeza nyimbo zinazofanana na zilizomo. Hapo ndipo pa kupimia. Pakijaa nyimbo kubwa za redioni, basi zile tatu za bongo fleva zimezidi nguvu; azipunguze zibaki moja. Pakiwa na vikundi vya Tanga, Mombasa na Unguja asivyovijua, njia imefunguka. Anachagua wimbo wenye wasikilizaji wachache kuliko wote, si ule maarufu, na kutoka humo anagusa "Go to song radio". Sababu yake ni ile hesabu ya Asumini: wimbo mdogo una majirani wa kweli, na wimbo mkubwa una majirani wa kila aina.

Wiki ya tatu anafika ukutani. Mapendekezo yanajirudia, vikundi ni vile vile vinane au tisa. Wengi hapo husema mashine imechoka. Ukweli ni kwamba mtaa umekwisha, na mtaa unaofuata hauna barabara kwenye ramani. Barabara hiyo inajulikana na watu. Historia ya taarab inasema uhusiano wake na Misri ni wa tangu enzi za Sultani Barghash, na wapiga fidla wa Unguja walijifunza mengi kutoka kwa santuri za Kairo. Mombasa nako, Juma Bhalo alijulikana kwa mahadhi yaliyotokana na filamu za Kihindi. Msikilizaji anayeyajua hayo huandika mwenyewe jina la Umm Kulthum, au la Mohammed Rafi, na kuweka nyimbo zao kando ya zile za pwani.

Mashine isingemfikisha hapo yenyewe. Rafi ana wasikilizaji wengi mno kule India, na walio wengi kati yao hawajawahi kusikia wimbo wa Mombasa. Makutano ya nyimbo zake na za Bhalo, yakigawanywa kwa ukubwa huo, hupotea kabisa. Udugu upo, umerithishwa kwa merikebu, santuri na sinema, ila haumo kwenye pleilisti. Kwa hiyo mtu wa pwani ana elimu ambayo mfumo mzima wa Stockholm hauna, na njia ya kuipeleka humo ni kuzikalisha nyimbo hizo pamoja.

Baada ya mwezi anahesabu. Anafungua orodha yake ya Jumatatu yenye nyimbo 30 na kuweka alama kwa kila msanii ambaye hakuwahi kumsikia. Afanye hivyo Jumatatu nne mfululizo na kuandika namba pembeni. Ikipanda, anaendelea. Ikibaki pale pale, kuna kitu kinachovuja, na mara nyingi ni kipengele cha kuendeleza nyimbo zenyewe pindi pleilisti inapoisha. Usiku mtu amelala, programu inaendelea kupiga nyimbo za kawaida hadi alfajiri, na yote yanaandikwa kwa jina lake. Kipengele hicho huzimwa kwenye mipangilio, chini ya "Autoplay".

Yapo ambayo msikilizaji hawezi kuyarekebisha. Tangu Novemba 2020 Spotify ina mpango uitwao Discovery Mode, ambao humruhusu msanii au lebo kutaja nyimbo zipewe kipaumbele kwenye redio na mwendelezo, na kwa kubadilishana hukubali malipo madogo kwa usikilizaji wa humo. Msikilizaji hapaswi kuuchukulia kila wimbo unaojileta kuwa ni tafsiri ya ladha yake. Majina nayo ni shida. Rekodi nyingi za zamani zimewekwa chini ya jina la mkusanyiko badala ya mwimbaji, au jina la mwimbaji mmoja limeandikwa kwa tahajia mbili tatu, kila moja ikiwa na ukurasa wake na wasikilizaji wake wachache. Pleilisti 40 zikigawanyika kwenye kurasa tatu, hakuna ukurasa unaovuka kiwango. Anayetafuta aandike jina kwa kila tahajia anayoijua, pamoja na bila "bin" na "binti".

Na kuna muziki ambao haumo kabisa. Kanda za Radio Tanzania Dar es Salaam zimehifadhi miongo ya bendi za dansi, vikundi vya taarab na ngoma za mikoani, na sehemu kubwa ya hazina hiyo haijawahi kupandishwa kwenye huduma hizi. Mashine haiwezi kupendekeza kisichokuwamo, hata ielekezwe kwa ustadi gani. Hapo bado inabidi kumuuliza mzee aliyekuwa akienda dansini, kuandika majina anayoyataja, na kuyatafuta YouTube, ambako watu binafsi wamepandisha kanda zao za nyumbani.

Anayetaka kuanza leo jioni aanze na Ikhwani Safaa. Achague wimbo mmoja, aweke simu mbali na mkono, na aache fidla zimalize utangulizi wake hadi mwimbaji aingie.